Kwa nini urefu wa watu ulipanda karne nzima, na kwa nini sasa umetulia

*"Daktari, babu yangu alikuwa na sentimita 163. Baba ana 170, mimi nina 178, mke wangu 164. Kijana wetu ana miaka 17 na amegota kwenye 177. Mwaka mzima uliopita ameongeza sentimita moja tu. Nilijua kila kizazi hukipita kilichotangulia, na huyu amekula vizuri kuliko sisi sote. Kuna kitu kinamzuia? Na kwa nini urefu wa watu upande karne nzima, halafu ukome?"*

Nianze na mtoto, maana najua ndiye aliyekufanya uandike. Kwa namba ulizonipa, sioni tatizo. Sisi tunaopima ukuaji wa watoto tuna hesabu moja ya haraka: kwa mtoto wa kiume, jumlisha urefu wa baba na wa mama, ongeza 13, kisha gawa kwa mbili. Kwa binti, badala ya kuongeza 13 unaipunguza, kwa kuwa hiyo ndiyo tofauti ya kawaida kati ya wanaume na wanawake. Kwenu inakuwa 178 na 164 na 13, jumla 355, nusu yake 177.5. Kijana yuko 177. Hata angeishia 171 au 185 nisingeshtuka, kwa sababu hesabu hii huacha nafasi ya kupishana kwa sentimita 8 hivi kila upande.

Kinachokusumbua ni ule mfuatano wa 163, 170, 178, ambao unakufanya umdai mtoto 185. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa wazee wetu wengi na babu zao waliishi ndani ya mfuatano kama huo, ukaonekana kama sheria ya maumbile. Haikuwa sheria. Ilikuwa kama ulipaji wa deni: kila kizazi kilirudisha sehemu ya urefu ambao kizazi kilichotangulia kilinyimwa. Deni likiisha, malipo husimama. Ili uone jinsi jambo hili linavyokwenda, nitakupeleka Uholanzi, kwa sababu huko kumbukumbu ni ndefu na hadithi imefika mwisho wake.

Katikati ya karne ya 19, vijana wa Kiholanzi walioitwa jeshini walipimwa wakakutwa na wastani wa karibu sentimita 165. Walikuwa wafupi hata kwa viwango vya wakati ule. Wanaume waliozaliwa mwaka 1930 walifikia wastani wa 175.6. Waliozaliwa mwaka 1980 walifikia 183.9, na Waholanzi wakawa watu warefu kuliko wote duniani. Kisha ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilipowaangalia waliozaliwa mwaka 2001, ikakuta wanaume wana 182.9, yaani wamepungua sentimita moja, na wanawake wamepungua 1.4. Sehemu ya upungufu huo inatokana na wahamiaji waliotoka kwenye jamii fupi zaidi. Lakini hata miongoni mwa wale ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa Uholanzi, wanaume wameacha kuongezeka. Madaktari walishaliona jambo hilo mapema: watoto waliopimwa mwaka 2009 hawakuwazidi wale wa mwaka 1997.

Nikupe tahadhari moja kuhusu zile 165 za mwanzo. Vijana wale walipimwa wakiwa na miaka 19 au 20, na zama zile mwili ulichelewa. Wengi walibalehe wakiwa wakubwa na waliendelea kurefuka hadi kwenye miaka 23 au zaidi. Kwa hiyo pengo kati yao na vitukuu wao ni kubwa kwelikweli, ila si kubwa kama namba za jeshi zinavyolionyesha.

Swali linalofuata karibu kila mara ni la kurithi. Watu wamesoma kwamba urefu unatokana na jeni kwa karibu asilimia 80, kisha wanajiuliza jeni ziliwezaje kubadilika haraka hivyo. Hazikubadilika. Miaka mia ni vizazi vinne tu, muda mfupi mno kwa jeni kuongeza sentimita 15 au zaidi kwa taifa zima. Ile 80 inazungumzia tofauti kati ya mtu na mtu waliolelewa katika mazingira yanayofanana: kwa nini wewe una 178 na jirani yako ana 172. Haisemi chochote kuhusu mahali ambapo wastani wa wote utakaa. Wote wakinyimwa utotoni, wote hushuka, na bado mrefu kati yao atabaki kuwa mtoto wa warefu. Ushahidi ulio wazi kabisa ni wa Korea. Ni watu wa asili moja waliogawanywa katikati ya karne ya 20. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwishoni mwa karne hiyo wamewazidi waliozaliwa miaka mia kabla yao kwa sentimita 20 hivi, ongezeko kubwa kuliko la wanawake wa nchi nyingine yoyote. Wakimbizi wanaotoka Kaskazini huwa wafupi kwa sentimita kadhaa kuliko wenzao wa Kusini wa umri uleule.

Sasa tuingie ndani ya mfupa, maana jibu lenyewe liko humo. Mfupa mrefu, kwa mfano wa paja, haurefuki katikati. Karibu na kila ncha yake kuna tabaka jembamba la gegedu liitwalo sahani ya ukuaji. Chembe za gegedu humo hujipanga kwa safu, hugawanyika, huvimba, kisha hufa na nafasi yake ikachukuliwa na mfupa mgumu. Kila chembe inayovimba inausukuma mfupa kidogo sana, na zikifanya hivyo kwa maelfu kila siku, mtoto anapanda. Kazi hii inahitaji protini, madini kama zinki, na amri ya homoni, hasa ile itolewayo na ini kwa kuchochewa na homoni ya ukuaji.

Sahani ya ukuaji ndiyo ya kwanza kunyimwa mwili unapobanwa. Ubongo na moyo haviwezi kusubiri, lakini urefu unaweza. Mtoto akikosa chakula cha kutosha, ini hupunguza ile homoni na chembe hupunguza kugawanyika. Ugonjwa nao unafanya vivyo hivyo, hata chakula kikiwepo. Mtoto mwenye homa hukataa kula, huku kinga yake ikitumia protini ambazo zingejenga mfupa, na kemikali za uvimbe zinazozunguka kwenye damu huifikia sahani yenyewe na kuizuia. Kuhara mara kwa mara huharibu ukuta wa utumbo, hivyo hata anachomeza hakifyonzwi vizuri. Tukio moja haliachi alama, maana mtoto akipona hurefuka kwa kasi na kufidia. Linaloacha alama ni kurudiarudia, ugonjwa mpya ukija kabla fidia ya ule wa jana haijakamilika.

Umri nao una uzito mkubwa. Mtoto huzaliwa na sentimita 50 hivi, huongeza 25 mwaka wa kwanza na kama 12 mwaka wa pili. Baada ya hapo kasi hushuka hadi 5 au 6 kwa mwaka mpaka balehe. Kwa hiyo kizuizi kilekile kinachukua urefu mwingi zaidi kikimpata mtoto wa miezi minane kuliko kikimpata wa miaka minane. Hapo ndipo sehemu kubwa ya tofauti kati ya vizazi hutokea, na udumavu wa miaka miwili ya mwanzo ni mgumu sana kurudishwa baadaye. Unaweza hata kuuona kwenye umbo la mtu. Katika utoto miguu hukua haraka kuliko kiwiliwili, kwa hiyo ndiyo inayoonja shida na ndiyo inayoonja nafuu. Kati ya 1957 na 1977 Wajapani walirefuka sana, na walipopimwa wakiwa wameketi na wakiwa wamesimama, ilionekana kwamba karibu ongezeko lote lilikuwa la miguu.

Ukiyajua haya, hadithi ya Uholanzi inasomeka kwa urahisi. Karibu mwaka 1870, watoto wapatao 200 katika kila 1,000 waliozaliwa huko hawakufikisha mwaka mmoja. Wale 800 waliobaki hawakupita salama. Waliugua magonjwa yaleyale na kunywa maji yaleyale, ila wao waliishi, na mifupa yao ilibeba gharama. Amsterdam ilianza kupata maji safi ya matuta ya mchanga mwaka 1853, mwanzoni yakiuzwa senti moja kwa ndoo, na ilichukua miongo mingi maji ya namna hiyo kuwafikia watu wa kawaida nchi nzima. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, vifo vya wachanga vilikuwa vimeshuka chini ya 50 kwa kila 1,000. Mishahara ilikuwa imepanda, familia zikaanza kuwa ndogo, na chakula kilekile kikagawiwa watoto wachache. Vifo vilivyoshuka na urefu uliopanda vina chanzo kimoja.

Utasikia wengi wakisema siri ya Waholanzi ni maziwa. Maziwa yanasaidia kweli, kwani yana protini nzuri na huongeza kidogo ile homoni ya ini. Lakini Waholanzi walifuga ng'ombe na kutengeneza jibini kwa karne nyingi kabla ya kurefuka. Mimi huwa na shaka na kila maelezo yanayotaja kitu kimoja. Katika miaka ya 2010 yalifanyika majaribio makubwa Bangladeshi, Kenya na Zimbabwe, ambamo kaya zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawa mikono na maji yaliyotiwa dawa. Urefu wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa nyongeza ya lishe walipata nafuu ndogo tu. Usafi una maana, ila vizuizi ni vingi na hushikana, na ukiondoa kimoja mtoto hubaki ameshikwa na vingine.

Huenda unajiuliza kwa nini deni lilichukua vizazi vinne kulipwa, badala ya kimoja. Sababu ni mama. Msichana aliyedumaa hukua akiwa na mwili mdogo na nyonga ndogo, na mtoto wake huanza ukuaji tumboni mahali penye nafasi ndogo na akiba ndogo. Hata mama huyo akipata maisha bora ukubwani, mtoto wake huanzia nyuma kidogo. Binti atakayezaliwa naye atakuwa mkubwa kuliko mama yake, na wajukuu watasogea tena. Ile ngazi ya babu yako, baba yako na wewe huenda ilipanda kwa namna hiyohiyo.

Ngazi ina mwisho kwa sababu sahani ya ukuaji yenyewe ina mwisho. Balehe inapoanza, homoni za ngono huongeza kasi. Mvulana aweza kuongeza sentimita 9 au 10 katika mwaka wake wa kasi, msichana kama 8. Lakini estrojeni ileile iliyoleta kasi huichosha sahani hadi ifungwe na kuwa mfupa mtupu. Hata kwa wavulana kazi hiyo hufanywa na estrojeni, ambayo mwili wao huitengeneza kutokana na testosteroni. Tulilithibitisha mwaka 1994, madaktari walipoeleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204, mifupa yake ilifanana na ya kijana wa miaka 15, na alikuwa bado anarefuka. Sisi wengine hufungiwa mlango, tukiwa tumeshiba au tuna njaa.

Hapa ndipo chakula cha ziada kinapoacha kusaidia. Mtoto ambaye hana upungufu, ukimwongezea nishati huongezeka uzito, na uzito mkubwa utotoni mara nyingi huja na balehe ya mapema, hasa kwa wasichana. Huyo atakuwa mrefu darasani akiwa na miaka kumi, halafu wenzake watamfikia na pengine kumpita, kwa kuwa ameanza mbio mapema na kuzimaliza mapema. Katika kaskazini ya Ulaya, wasichana wa katikati ya karne ya 19 walipata hedhi ya kwanza wakiwa na miaka 16 hivi au zaidi. Leo ni karibu na 13. Kwa muda mrefu faida ya utoto wenye afya ilikuwa kubwa kuliko hasara ya kuwahi kubalehe, ndiyo maana wastani uliendelea kupanda. Faida hiyo imekwisha pale ambapo watoto karibu wote wana afya.

Tena walioshiba walifika kwenye kilele mapema zaidi. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, wavulana wa miaka 14 waliotoka kwa maskini wa London walikuwa wafupi kwa zaidi ya sentimita 15 kuliko wavulana wa umri huo walioingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, watoto wa wenye nafasi. Kwa hiyo wastani wa taifa ulipopanda baadaye, kwa kiasi kikubwa ni watoto wa maskini waliokuwa wakiwafuata wale waliokwisha kufika.

Lakini usichukue kila kutulia kuwa ni kufika. Zipo nchi, zikiwemo kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, ambako waliozaliwa baada ya miaka ya 1960 au 1970 waliacha kurefuka au hata walipungua wakati bado wana nafasi kubwa ya kupanda. Huko mlango haujafungwa na jeni. Deni ndilo limeacha kulipwa. Namna ya kutofautisha ni kuangalia watoto wadogo. Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri. Hadi miaka mitano walikua kwa mwendo unaokaribiana sana. Tofauti kati ya nchi na nchi ilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti yote, huku sehemu kubwa ikiwa kati ya mtoto na mtoto. Kwa hiyo ukiona mahali ambapo wastani umesimama huku watoto wa miaka miwili wakiwa chini sana ya chati ya ukuaji iliyotokana na vipimo hivyo, na watoto wa maskini wakiwa wafupi kuliko wa matajiri, hapo kuna kizuizi. Ukiona pengo hilo limekaribia kufutika, wamefika.

Turudi kwa kijana wako. Ana miaka 17 na ameongeza sentimita moja kwa mwaka. Kama sauti imeshakuwa nzito, ndevu zimeanza, na alikuwa na mwaka wa kurefuka kwa kasi akiwa na miaka 13 au 14, basi anamalizia tu. Labda ataongeza sentimita moja, labda hakuna. Ukipenda uhakika, daktari anaweza kuagiza eksirei ya mkono wa kushoto na kifundo chake, tuone sahani za ukuaji ziko wazi kiasi gani. Zikiwa zimefungwa, hakuna dawa itakayozifungua. Tafadhali usimnunulie vidonge wala unga wa kuongeza urefu. Homoni ya ukuaji nayo ni tiba halisi kwa watoto wenye upungufu wake na magonjwa machache mengine. Kwa kijana mwenye afya ambaye sahani zimefungwa haiongezi kimo, na ina madhara.

Nitamtaja na babu kidogo. Kama zile 163 zilipimwa akiwa mzee, ujanani alikuwa mrefu zaidi. Diski za uti wa mgongo husinyaa, na mwanamume akifika miaka 80 anaweza kuwa amepoteza sentimita 5 hivi. Basi ngazi ya familia yenu huenda haikuwa na mwinuko mkali kama unavyoukumbuka.

Ningependa kumwona kijana ana kwa ana kama hana bado dalili za balehe, kwa kuwa mvulana asiyezionyesha hadi miaka 14 anahitaji kuchunguzwa na hakupaswa kusubiri hadi 17. Vivyo hivyo kama anapungua uzito, anaharisha mara kwa mara, au ana kichwa kinachouma pamoja na uoni uliobadilika. Kama ana wadogo zake, nao wapimwe: mtoto kati ya miaka minne na balehe anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, au anayeshuka kutoka mstari mmoja wa chati hadi mwingine, apelekwe kwa daktari wa watoto bila kusubiri. Msichana mwenye matiti kabla ya miaka 8, na mvulana anayebalehe kabla ya 9, nao pia.

Pimeni vizuri kabla ya kuja. Mtoto avue viatu, visigino, makalio na mabega vigusane na ukuta, atazame mbele, nawe uweke kitabu kigumu kichwani kikiwa mraba na ukuta. Rudia mara tatu. Fanya saa ileile kila mara, kwa sababu kati ya asubuhi na jioni mtu hupungua sentimita moja au zaidi, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuficha mwaka mzima wa ukuaji wa kijana wa miaka 17. Baada ya miezi sita pima tena, uniletee namba zote mbili pamoja na tarehe zake.